Deni la kadi linaganda kwa sababu ya kima cha chini

"Niko Marekani, nalipa kima cha chini kila mwezi bila kuchelewa. Mbona deni la kadi halishuki?"

Ndugu, benki nyingi za huko hukokotoa kima cha chini hivi: riba ya mwezi, pamoja na asilimia 1 ya deni. Tuseme unadaiwa dola 5,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Riba ya mwezi ni kama dola 100, kwa hiyo unaambiwa ulipe 150. Dola 100 zinamezwa na riba, 50 tu ndizo zinapunguza deni. Baada ya mwaka umetoa kama dola 1,700, na bado unadaiwa zaidi ya 4,400, hata kama hukununua kitu.

Kibaya zaidi, deni likipungua kidogo, kima nacho kinashuka, nawe unazidi kulipa kidogo kidogo. Usishuke nacho. Ukishikilia dola 150 zile zile kila mwezi na kadi ukaiweka kando, unamaliza kabla ya miaka mitano. Angalia taarifa yako ya mwezi: sheria ya huko ya 2009 inazilazimu benki kuonyesha utachukua muda gani ukilipa kima cha chini tu.