Noti za Kemia: anza na mada moja

"Mimi ni mwalimu hapa Kakamega, nataka kuuza noti zangu za Kemia kwa simu nipate hela ya pembeni. Inalipa kweli?"

Mwalimu, inalipa lakini pole pole sana, miezi ya kwanza usiihesabie kodi ya nyumba. Usianze na silabasi nzima, chukua mada moja inayosumbua watoto, mfano titresheni, uandike maswali yako mwenyewe na majibu hatua kwa hatua. Usikopi karatasi za KNEC, zile zina hakimiliki.

Kurasa thelathini za PDF zitakula wikendi kadhaa, maana jedwali na hesabu lazima uzikague mara mbili. Ukurasa mmoja toa bure kwa grupu za wazazi, ule unaonyesha kwa nini wastani unachukua zile titre zinazokaribiana tu, hapo ndo watu huona unajua kazi. Tuseme unauza kwa shilingi 100, wanunue watu ishirini kwa mwezi, hiyo ni 2,000 kabla ya bando, na ukishatuma mmoja atawaforwadia wenzake, kwa hivyo andika jina la mnunuzi kwa kila ukurasa, haizuii yote lakini inapunguza. Kabla ya kutuma angalia salio lako la M-Pesa, usiamini meseji aliyokuforwadia mteja, feki ni nyingi.

Na kumbuka KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027, so noti za Fomu Foo zina muda wake. Pia soma mkataba wako wa kazi, na ukiwa TSC uliza kwanza, hasa kama unafikiria kuwauzia wanafunzi wako mwenyewe, hapo mi ningekaa mbali kabisa.