Usingizi unaopotea siku zikikaribia: maswali yenu

*Kila mwezi, siku nne au tano kabla ya hedhi, naamka saa tisa usiku na silali tena. Wiki nyingine nalala vizuri. Nini hasa kinatokea?*

Yai likishapevuka na kutoka, kifuko kilicholibeba hubaki kwenye ovari na kuanza kutengeneza projesteroni. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, homoni hiyo hufika kileleni karibu na siku ya 21. Mimba isipotungwa, kifuko kile husinyaa, na projesteroni hushuka mpaka damu inapotoka. Ukihesabu nyuma utaona kwamba usiku wako mbaya umeangukia kwenye mteremko huo. Si wanawake wote wanaousikia, lakini wanaolalamika usingizi wengi hutaja siku hizo hizo za mwisho.

*Dada yangu ni nesi, anasema projesteroni inaleta usingizi. Sasa mbona mimi inaninyima?*

Dada yako yuko sahihi. Mwili huigeuza sehemu ya projesteroni kuwa kemikali iitwayo alopregnanoloni, ambayo hutuliza ubongo kwa kupitia vipokezi vile vile vinavyotumiwa na dawa za usingizi kama daiazepamu. Ndiyo maana baadhi ya wanawake husinzia mchana katikati ya nusu hiyo ya pili ya mzunguko.

Shida huja inapoondoka. Ubongo ulishazoea kutulizwa kwa siku kadhaa, na sasa kitulizo kinapungua usiku hadi usiku. Wengine hawahisi kitu. Wengine huwa wepesi wa kushtuka, hasira huwa karibu, na usingizi unakuwa wa juu juu. Kinachotofautiana mara nyingi ni jinsi ubongo wa kila mmoja unavyopokea mabadiliko hayo, kwa hiyo kipimo cha damu cha homoni kinaweza kutoka sawa kabisa na wewe bado hulali.

*Nimejipima kila asubuhi kabla sijatoka kitandani. Baada ya hedhi nilikuwa 36.4, sasa zimebaki siku tano nasoma 36.8 na usiku nasikia moto. Ni malaria?*

Kwa vipimo hivyo, hiyo si homa. Projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nyuzi kama 0.3 hadi 0.5, na wewe umepanda 0.4. Homa ya kuitilia shaka huanzia kama 37.5 kwapani. Ukifika huko, au ukitetemeka na kuumwa kichwa, nenda ukapimwe malaria hata kama hedhi iko karibu.

Nyuzi 0.4 zinaonekana kidogo, ila kwa usingizi ni nyingi. Ili tulale, joto la ndani lazima lishuke, na mwili hulitoa kupitia ngozi ya viganja na nyayo. Katika siku hizi joto huanzia juu na usiku halishuki kama kawaida. Tena kwa kawaida halirudi chini mpaka hedhi inapokaribia kabisa kuanza, wakati kitulizo kilishaanza kupungua siku kadhaa nyuma. Hapo ndipo unapobaki na joto bila kile kilichokuwa kinakulaza.

*Naishi Temeke, chumba cha bati, feni moja, na neti siwezi kuiacha. Nifanyeje?*

Neti usiiache. Inazuia upepo kiasi, kwa hiyo isogeze feni karibu, iipige kutoka upande wa miguu, na miguu iwe nje ya shuka. Lalia khanga ya pamba badala ya blanketi lile laini la poliesta, ambalo hushika jasho.

Oga saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa maji ya vuguvugu. Najua kwenye joto la Dar utaona kinyume, lakini maji ya baridi sana hubana mishipa ya ngozi na joto hubaki ndani, ilhali vuguvugu huileta damu juu na joto likatoka. Chai na kahawa ziishie mchana katika siku hizo tano.

*Ni lini nimwone daktari?*

Andika kwa miezi miwili: siku ya mzunguko, saa uliyolala, saa uliyoamka, na hali ya moyo. Usingizi mbaya ukitawanyika mwezi mzima, sababu si hii, na itafutwe kwingine. Maumivu ya tumbo yakiwa ndiyo yanayokuamsha, mwambie hivyo, maana hayo yana tiba yake. Na kama kila mwezi unaingia kwenye huzuni nzito inayoondoka damu ikianza, peleka daftari hilo. Ni tatizo linalojulikana na linatibika. Yakija mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, usingoje hedhi.