Levantar na levantarse: mtalii alipouliza «¿A quién?»

*Mwalimu, shikamoo. Mimi naongoza watalii hapa Arusha na Kihispania najifunza mwenyewe. Juzi usiku niliwaambia wageni wangu «Mañana levanto a las cinco», mmoja akacheka, akauliza «¿A quién?». Najua kuna levantar na levantarse, na nilisoma mahali kwamba hiyo «se» ni kama -ji- yetu. Lakini mbona hatusemi "najiamka"? Nitajuaje lini niiweke, na lini inabadilisha maana?*

Marahaba. Mgeni wako alisikia "Kesho nainua saa kumi na moja", kisha kimya. Akawa anangoja umtaje huyo utakayemwinua kitandani. Kama ungesema «Mañana los levanto a las cinco», yaani nitawaamsha, wote wangekuelewa. Kama ulitaka kusema habari zako mwenyewe, ilibidi iwe «Mañana me levanto a las cinco».

Sasa hiyo -ji- uliyosoma ndiyo inayokuchanganya. Iweke kando kwanza, ukumbuke somo la mnyambuliko wa vitenzi shuleni. Sisi tuna "inua" na "inuka". Anayeinua anamfanyia mtu au kitu kingine. Anayeinuka, kazi inaishia mwilini mwake. Kihispania hakina mwisho wa -ka kama huu, kwa hiyo kinachukua kitenzi cha "kuinua", levantar, na kukiongezea kiwakilishi ili kipate "kuinuka", levantarse. Despertar ni kuamsha, despertarse ni kuamka. Acostar ni kulaza, acostarse ni kwenda kulala. Sentar ni kuketisha, sentarse ni kuketi. Vestir ni kumvisha mtu, vestirse ni kuvaa. Ukiona kitenzi ambacho kwetu kina jozi ya namna hii, ujue Mhispania hutumia neno moja tu, na kiwakilishi ndicho kinachomwambia msikilizaji ni upande upi wa jozi.

Ndiyo maana "najiamka" haisemeki kwetu. Kiswahili kimeigawa kazi ya «se» kwa viambishi kadhaa. Mara nyingine ni -ji- kweli, kama mirarse kwenye kioo, kujitazama. Mara nyingine ni -ka, kama romperse, kuvunjika. Mara nyingine ni -ana, kama «se abrazan», wanakumbatiana. Na kwa llamarse ni -wa ya kutendwa: llamar ni kuita, «me llamo Baraka» ni "naitwa Baraka". Ukisema «yo llamo Baraka» umesema "mimi naita Baraka", na tunarudi kulekule kwa mgeni anayengoja sentensi iishe.

Anayeishikilia -ji- kila mahali hupata hasara kubwa zaidi akiwa anasikiliza. Chukua sentensi «Se mató en la carretera». Ukiitafsiri kwa -ji- utasema mtu alijiua barabarani. Lakini Mhispania akisema hivyo, mara nyingi anamaanisha alikufa kwa ajali. Neno hilohilo hubeba kujiua pia, na maneno yanayolizunguka ndiyo yanayoamua. Mgeni akikusimulia hivyo habari ya ndugu yake, usikimbilie kumpa pole ya aina isiyo yake.

Kosa jingine linatokana na -ji- kwa njia ya kimyakimya. Kiambishi chetu hakibadiliki: najiosha, unajiosha, wanajiosha. Kwa hiyo wanafunzi wangu wengi husema «yo se levanto», wakidhani «se» nayo ni ya watu wote. Siyo. Inafuata nafsi: me levanto, te levantas, se levanta, nos levantamos, os levantáis, se levantan. Na hata kitenzi kikiwa hakijanyambuliwa, kiwakilishi hufuata mtu. Kamusi inaandika levantarse, lakini wewe utasema «voy a levantarme» na sisi tutasema «vamos a levantarnos». «Voy a levantarse» ni kosa ninalosahihisha karibu kila wiki.

Kuna jaribio moja linalokutosha ukiwa na shaka. Tazama mwisho wa kitenzi, kisha tazama kiwakilishi, ujiulize kama vinamtaja mtu yuleyule. «Me llamo»: mwisho -o ni mimi, «me» ni mimi, basi ni "naitwa". «Te llamo mañana»: mwisho ni mimi, lakini «te» ni wewe, basi si llamarse hata kidogo, ni "nitakupigia simu kesho". «¿Cómo te llamas?» ni jina lako, ila «¿Me llamas?» ni ombi kwamba unipigie. Kwa nafsi ya tatu lugha imekurahisishia: «se levanta» anainuka yeye, «lo levanta» anamwinua mwingine.

Viungo vya mwili ni rahisi kwetu kuliko kwa wengi. Sisi tunasema "amevunjika mguu", hatusemi "amevunja mguu wake". Mhispania naye anasema «se ha roto la pierna», mguu tu, bila "wake", kwa kuwa «se» imeshasema mguu ni wa nani. Vivyo hivyo «me lavo las manos», nanawa mikono. Angalia tu kwamba kunyoosha mkono darasani ni «levanto la mano», bila «me». Hapo kiungo kinasogea chenyewe, hakuna kinachofanyiwa mwili kama kuoshwa au kuumizwa.

Hadi hapa maana haijabadilika sana, tumehama tu kutoka inua kwenda inuka. Sehemu ya swali lako inayouma ni ya vitenzi ambavyo vikipata kiwakilishi vinasema jambo jingine. Cha kwanza kukikamata ni irse, na hiki Mswahili anacho tayari bila kujua. Ir ni kwenda, na anayekwenda anakwenda mahali: «voy a Karatu». Irse ni kwenda zako. «Me voy», naenda zangu. «Se fue», akaenda zake. «¡Vámonos!», twende zetu! Ona jinsi zangu, zake na zetu zinavyobadilika kwa nafsi, sawasawa na me, se na nos. Ukiweza kutia "zangu" kwenye sentensi ya Kiswahili bila kuiharibu, weka «me» kwenye ile ya Kihispania. "Kila siku naenda zangu kazini" umeshaongeza jambo la kuondoka, wakati "kila siku naenda kazini" ni «voy al trabajo» tu. Kwa hiyo «fui a Moshi» ni nilikwenda Moshi, na «me fui de Moshi» ni niliondoka Moshi. (Vámonos ni vamos na nos, ile s ya mwisho hudondoka. Usiiandike.)

Dormir na dormirse zinafanana na hizo kwa kuwa ya pili inashika ule wakati wa kuvuka. «Dormí bien» nililala vizuri, usiku mzima. «Me dormí» usingizi ulinipitia, iwe sinema inaendelea au mtu anaongea. Ukifika mapokezi umechelewa na kusema «perdón, me dormí», wataelewa kwamba usingizi ulikupitiliza. Ukisema «perdón, dormí», watabaki wanakutazama.

Comerse inachanganya kwa kuwa mlo ni uleule. «Como arroz» nakula wali, kwa kawaida yangu. «Me comí el arroz» niliula wali ukaisha. «Me» hapa inataka chakula chenye mpaka: ule wali, maembe matatu, sahani nzima. Ndiyo maana «me como arroz todos los días» inamkwaruza sikio Mhispania, kwani wali usio na kipimo hauwezi kuisha.

Vingine ni vya kukariri, na afadhali uvikariri pamoja na kihusishi chake. Acordar ni kukubaliana, acordarse de ni kukumbuka. Parecer ni kuonekana kama, parecerse a ni kufanana na: «parece un águila» unadhani huenda ni tai, «se parece a un águila» unajua si tai ila wanafanana. Kwa kazi yako hiyo tofauti ina thamani. Ukifungua kamusi ya Real Academia, alama «prnl.» ndiyo inayokuonyesha maana zinazodai kiwakilishi, zisome peke yake, usizichanganye na zilizo juu yake.

Sasa tuchukue tangazo lako la jioni, kwa namna ambavyo mwongozaji anayeanza angelisema:

«Mañana levantamos a las cinco. Nos quedamos en la recepción a las seis menos cuarto y vamos a las seis. Si duermen en el coche, no van a ver los leones.»

Wageni wamesikia hivi: kesho tunainua (nini?) saa kumi na moja, saa kumi na mbili kasorobo tunabaki mapokezi, saa kumi na mbili tunakwenda, hatujui wapi, na mkilala ndani ya gari hamtaona simba. Hiyo ya mwisho si kosa la sarufi, ila inaweza kusikika kana kwamba gari ndiyo malazi yao. Ya katikati ndiyo mbaya zaidi. Quedarse ni kubaki, lakini quedar bila kiwakilishi, kwa Wahispania, ni kupanga kukutana. Umewaambia wabaki pale ulipotaka wakutane. Lisahihishe hivi:

«Mañana nos levantamos a las cinco. Quedamos en la recepción a las seis menos cuarto y nos vamos a las seis. Si se duermen en el coche, no van a ver los leones.»

Viwakilishi viwili vimeongezwa kwa kuinuka na kuondoka, kimoja kimeondolewa kwenye quedar, na «se» imeingia kwenye dormir kwa sababu unawaonya wasipitiwe na usingizi. Umbo la «se duermen» linafaa kwa wageni wa Amerika ya Kusini na halimkosei heshima Mhispania yeyote, ingawa vijana wa Madridi watategemea «si os dormís en el coche, no vais a ver». Na wageni wakiwa Wameksiko, hapo kwa mapokezi badilisha useme «nos vemos en la recepción», kwa kuwa «quedamos» ikiwa peke yake namna hiyo ni mazoea ya Hispania zaidi.