Pampu mbili zinapokezana, saa zinapishana, na ya akiba haikuingia

"Nina pampu mbili za kupandisha maji tangi la juu. Zinapokezana kila zinapowaka, lakini mita moja inasoma saa 1,840 na nyingine 1,410. Juzi usiku namba 1 ilikuwa inazunguka bila kutoa maji, namba 2 haikuwaka na taa ya hitilafu haikuwaka. Nataka saa zilingane na ya akiba iingie yenyewe."

Kabla hujagusa programu, chukua saa ya mkononi. Acha namba 1 ijaze tangi kutoka floti ya chini hadi ya juu, andika dakika, kisha fanya hivyo hivyo na namba 2, wakati ambao matumizi ya maji ni madogo. Kama zinapokezana kila kuwaka, idadi ya kuwaka ni sawa, kwa hiyo tofauti ya saa lazima itoke kwenye urefu wa kila zamu. Gawanya 1,840 kwa 1,410 unapata kama 1.3. Namba 2 ikijaza kwa dakika 20 na namba 1 kwa 26, jibu ni hilo: namba 1 imechoka. Impela imelika, au pete zake za kuzuia uvujaji wa ndani zimepanuka, au chujio la upande wa kuvuta limeziba kiasi.

Zikijaza kwa muda sawa, hesabu zinawaka mara ngapi kwa siku. Zikiwaka mara nne, pampu ile ile inaangukia asubuhi kila siku, maji yanapotumika sana na zamu inakuwa ndefu. Kupokezana tu hakuoni jambo hilo, na hapo ndipo kusawazisha kwa saa kunapofaa.

Uamuzi wa zamu ufanyike wakati wa kuwaka tu. Ukilinganisha saa wakati pampu inafanya kazi, zitabadilishana katikati ya kujaza, na kila badiliko ni mkondo mkubwa wa kuanzia kwenye mota na mshtuko wa maji kwenye bomba. Weka pia nafasi ya uvumilivu. Saa 10 inatosha. Ndani ya nafasi hiyo ziache zipokezane, ili ya akiba isikae wiki nzima bila kuzunguka. Ikizidi, yenye saa chache ndiyo inaingia.

```
IF R_Kuanza.Q THEN
  Zamu := 3 - Zamu;
  IF P1_Mizani > P2_Mizani + 10 THEN Zamu := 2; END_IF;
  IF P2_Mizani > P1_Mizani + 10 THEN Zamu := 1; END_IF;
END_IF;
IF Zamu = 1 AND NOT P1_Tayari AND P2_Tayari THEN Zamu := 2;
ELSIF Zamu = 2 AND NOT P2_Tayari AND P1_Tayari THEN Zamu := 1;
END_IF;
```

`R_Kuanza` ni `R_TRIG` inayoshika mwanzo wa kila ombi la kuwaka, na `Zamu` ianze na 1. Sehemu ya pili iko nje ya `R_Kuanza` makusudi, kwa sababu ndiyo inayohamisha kazi pampu ikifa katikati ya zamu.

Angalia jina `Mizani`. Hiyo si mita ya maisha ya pampu. Weka kaunta mbili kwa kila pampu: moja ya matengenezo, isiyofutwa mpaka pampu yenyewe ibadilishwe, na nyingine ya kusawazisha tu. Ukitumia 1,840 na 1,410 kama zilivyo, namba 2 itafanya kazi peke yake saa 420 mpaka iingie kwenye uvumilivu. Kwa saa 9 kwa siku hizo ni siku 46 na ushee. Ukifunga pampu mpya yenye sifuri ni balaa zaidi: mpya itabeba kila kitu kwa miezi, ya zamani inakaa tuli, sili inakauka na inakwama. Kila unapobadilisha au kufanyia pampu matengenezo makubwa, futa `Mizani` zote mbili kwa pamoja.

Kaunta ihesabu kutoka kwenye kontakti saidizi ya kontakta, si kutoka kwenye amri ya kuwaka, na ihifadhiwe kwenye kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika. Ukihesabu sekunde ndani ya `INT` ya biti 16, inajaa kwenye 32,767, yaani baada ya saa 9 na dakika 6, kisha inarudi kwenye hasi. Tumia `UDINT`, na hapo ile 10 ya kwenye programu, ambayo ni saa, iwe sekunde 36000.

Hesabu idadi ya kuwaka pia. Saa zikishalingana, ile dalili ya 1.3 inatoweka kwenye mita za saa na kuhamia huku: pampu iliyochoka itaonyesha kuwaka mara chache kwa saa zile zile. Asiyeweka kaunta hii amejifumba jicho moja.

Sasa ya usiku ule. Karibu kila mara sababu ni kwamba kuhama kumeunganishwa na ovalodi peke yake. Kapilingi ikikatika, au pampu ikivuta hewa, mota inakuwa nyepesi na mkondo unashuka. Ovalodi inangoja mkondo upande, kwa hiyo haitaruka kamwe. Kontakta imejifunga, kidhibiti kinaona kila kitu kiko sawa, na maji hayapo.

Weka swichi ya mtiririko kwenye bomba la pamoja, baada ya valvu za kuzuia maji kurudi. Kontakta ikiwa imefunga na mtiririko haupo kwa sekunde 15 mfululizo, hitilafu ijifungie, pampu izimwe na `Tayari` yake ianguke. Kontakta isipojibu ndani ya sekunde 2 baada ya amri, hiyo nayo ni hitilafu. Kufuta kuwe kwa kitufe, mtu akiwa mbele ya paneli. Swichi ya kuchagua ikiachwa kwenye mkono au sifuri, `Tayari` ianguke na taa iwake hapo hapo, siyo siku ya shida.

Ila chunguza kwanza tangi la chini. Likikauka, namba 1 itapoteza mtiririko, namba 2 itaingia, nayo itazunguka kavu. Floti ya chini ya tangi hilo isimamishe zote mbili bila kuzihesabia hitilafu, na maji yakirudi zianze zenyewe. Fyuzi moja inayolisha koili za kontakta zote mbili ni kosa la aina hiyo hiyo, gawanya.

Namba 1 ikiwa kazini, tazama feni ya nyuma ya mota ya namba 2. Ikizunguka polepole kinyume, valvu yake inavuja: maji yanarudi tangi la chini kupitia pampu iliyolala. Ukiiwasha hapo, mota inaanza kwa kupigana na mzunguko wa kinyume, mkondo unabaki juu muda mrefu, na safari hii ovalodi itaruka kweli, kwenye pampu ambayo ni nzima.

Jaribio: namba 1 ikiwa kazini, funga valvu ya mkono ya tawi lake la kutolea. Sekunde 15 za kukosa mtiririko zikiisha, namba 2 iingie na taa iwake. Fungua valvu, futa hitilafu, rudisha namba 1 kazini, kisha rudia kwa kitufe cha majaribio cha ovalodi, halafu inua na ushushe floti ya tangi la chini. Geuza zamu, fanya yote tena kwa upande wa namba 2, maana nyaya za upande ule ndizo ambazo hazijawahi kupimwa.