Lenzi ya 85 kwenye picha isiyo na kamera

Ninapotengeneza mabango ya biashara ndogondogo kwa programu za akili mnemba, siandiki tena "picha nzuri ya kitaalamu". Maneno hayo hayasemi kamera imesimama wapi. Naandika yale ambayo mpigapicha angeamua kabla ya kubonyeza: lenzi gani, tundu lake limefunguliwa kiasi gani (namba ya f: ikiwa ndogo, tundu ni pana), na anapiga kutoka upande gani.

Chukua bango la muuza madafu. Nilimtaka aonekane kuanzia kiunoni, barabara nyuma yake ififie, na upande wa kulia ubaki wazi kwa maandishi. Niliandika hivi:

```
coconut seller, waist-up, at left of frame,
85mm, f/1.8, eye level, street far behind him
```

Kwa kamera halisi ya fremu kamili, lenzi ya milimita 85 ingekulazimu usimame kama mita 3 kutoka kwake. Kwa umbali huo uso haupindi, na ni kipande kidogo tu cha barabara kinachoingia. Ukitaka ukubwa uleule kwa lenzi ya 24, unamsogelea hadi chini ya mita 1: pua inavimba, na mtaa mzima unatanuka nyuma yake. Kubadili 85 kuwa 24 kwenye maelekezo huleta picha ya namna hiyohiyo.

Lakini programu haipigi hesabu za lenzi. Imejifunza kutokana na picha nyingi zilizoambatana na maelezo, kwa hiyo usitarajie tofauti kati ya 85 na 90, au f/1.8 na f/2. Ruka kwa hatua kubwa: 24, 50, 85. Ukitaka nyuma pafifie, f/1.8, ukitaka hadi kibao cha duka la mbali kisomeke, f/11.

Kinachovuruga zaidi ni maelezo yanayopingana. Ukiandika f/1.8 kisha ukaeleza maduka ya rangi, vibao na bajaji zilizopangwa, nyuma hapafifii tena, kwa sababu kila kitu ulichokitaja programu inajitahidi kukionyesha. Mimi hupunguza maneno ya nyuma kwanza, ndipo niguse namba. Majina ya kamera pia nayaepuka, maana wakati mwingine muuzaji hutokea ameshika kamera mkononi!

Pembe ya kupigia usiikubali bila kuikagua. Kamera ikiwa usawa wa macho ya muuzaji, upeo wa macho, pale barabara tambarare inapoishia, hupita karibu na macho yake. Ukiomba `low angle`, yaani kamera ipige kutoka chini, mstari huo lazima ushuke, na madafu yaliyo juu ya kiwango cha kamera uyaone kwa chini. Ukiona yamekatwa juu na maji yake yanaonekana ndani, kamera imebaki juu. Hapo naongeza `camera at knee height`, kamera iwe usawa wa goti, na kutengeneza upya.