Jina la duka la vitabu karibu na chuo: wasikilize wateja kabla ya kulipia bango

Juzi dada mmoja wa Kigoma ameniandikia. Amepata fremu karibu na chuo, anataka kuuza vitabu na steshenari, na jina ameshachagua: jina la chuo chenyewe, kisha "Bukshopu". Akauliza, "Dada, nimlipe fundi wa bango?" Dada yangu, subiri kwanza. Ngoja nikueleze jina la duka langu hapa Tabora lilivyopatikana, maana ninajivunia na sitaficha.

Nilipofungua sikuweka jina. Nilitundika kitambaa kilichoandikwa KOPI, PRINTI, BAINDI, VITABU, basi. Nikawa nasikiliza watu wanavyoelekezana kwa simu. Mwanafunzi anaprinti ripoti ya fild, mwenzake anapiga kuuliza yuko wapi, anajibu, "Niko hapa mwembeni, kwa dada wa kopi." Mhadhiri akimtuma kijana kuchukua mitihani ya majaribio iliyotolewa kopi, naye anasema, "Nenda pale mwembeni." Mbele ya duka kuna mwembe mkubwa, na chini yake wanafunzi hukaa wakisubiri zamu ya printa. Makundi mawili ambayo hayafanani kwa lugha wala kwa mfuko yalikuwa yameshaniita jina moja. Kazi yangu ikawa kuliandika tu.

Kuna msomi mmoja alinivunja moyo. Aliniambia mbele ya wateja kwamba Mwembeni ni jina la genge la matunda, duka la vitabu liwe na neno la kisomi. Maneno yale bado yananiuma. Lakini Dar es Salaam ina Mwembechai na Mwembe Yanga, na hakuna anayeuliza kama miembe ile bado ipo. Jina likishakaa mdomoni mwa watu, limekaa.

Ugumu ulikuja kwenye usajili. BRELA wanasajili majina ya biashara kwa mtandao kupitia mfumo wao wa ORS, na unahitaji namba ya NIDA. Kabla ya kuomba, tafuta jina lako humo. "Mwembeni" peke yake ni jina la kila mtaa, na jina linalofanana mno na lililokwishasajiliwa hurudishwa. Nilihitaji neno la kulitofautisha. Mwalimu wa historia aliyekuwa akisubiri kubaindi kitabu chake alinipa: Kazeh, jina ambalo Burton na Speke waliiandikia Tabora walipofika mwaka 1857 na msafara wao. Nikasajili Mwembeni Kazeh Vitabu na Steshenari. Kwenye bango MWEMBENI ni kubwa, la kusomeka kutoka barabarani, na Kazeh ni dogo chini yake. Wanafunzi wanatumia la juu. Walimu wanapenda la chini, na wageni wao wakiuliza maana yake, wao ndio wanaosimulia. Mtu anayelisimulia jina la duka lako ameshaliona ni lake.

Sasa kuhusu jina la chuo, dada yangu. Tabora hii hatuna chuo kimoja. Kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kuna kituo cha Chuo Kikuu Huria, kuna Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho wengi bado wanakiita Uhazili, kuna Chuo cha Ualimu. Ukichukua jina la kimoja, wa vingine wanapita. Na wa hicho kimoja watadhani duka ni la utawala: karatasi ikikwama kwenye printa wakati wa mitihani ya UE, lawama zinapelekwa ofisini, na ofisi itakuja kuuliza nani alikupa ruhusa. Namfahamu jirani yangu wa biashara aliyefuta bango jipya kwa sababu hiyo, rangi haijakauka vizuri.

Jambo la mwisho ni la fedha, na wengi hawalioni. Mhadhiri akinunua rimu na wino kwa ajili ya idara, anadai fedha yake kwa risiti. Bango likisema hivi na risiti ikisema vingine, mhasibu anaweza kuirudisha, na mhadhiri hatakuja kwako tena. Kwa hiyo jina lililopo BRELA ndilo liende kwenye leseni ya manispaa, kwenye mashine ya risiti na kwenye lipa namba. Tanguliza neno wanalolijua: jina refu linaweza kukatwa kwenye simu, na mwanafunzi anayelipa akisoma "MWEMBENI KAZ" hana wasiwasi. Angesoma "VITABU NA ST" angeuliza fedha inakwenda kwa nani.

Kwa hiyo tundika kitambaa, fungua, usikilize hadi bumu liingie na duka lijae. Wanafunzi na walimu wakikuita majina mawili tofauti, chukua lile ambalo bodaboda nao wanalielewa, ulitafute ORS usiku huohuo, halafu ndiyo umwite fundi.