Ruhusa Hujumlishwa, Hazipunguzani: Kwenu Mnaoanza Kusimamia Rekodi za Wagonjwa

Wadogo zangu mliokabidhiwa mfumo wa kliniki hivi karibuni, nimemkuta tena karani wa mapokezi ana nafasi ya `System Developer`. Nikiuliza, jibu ni lile lile: fomu ilimgomea, foleni imefika barazani, nikampa zote kazi iende. Najua foleni ya asubuhi ilivyo. Lakini nafasi hiyo hubeba kila ruhusa iliyomo kwenye mfumo, pamoja na kuunda watumiaji na kufuta rekodi zisirudi tena. Hakuna mtu wa mapokezi anayeihitaji, hata kwa nusu saa.

Nazungumza kuhusu OpenMRS, na KenyaEMR iliyojengwa juu yake, kwa kuwa ndizo wengi wenu mmezikuta kwenye sava. Na nazungumza kuhusu kliniki ndogo ya hapa Lamu, ambapo karani wa mapokezi ni binti ya jirani wa mgonjwa, na keshia ni wifi ya mwingine. Mjini kwetu jina la babake mtu likitajwa, nyumba imejulikana. Ndiyo sababu swali la nani anaona faili gani halingoji siku ya ukaguzi.

1. Nafasi mbili kwa mtu mmoja hujumlishwa.

Hili ndilo kubwa, na nitalikalia. Kwenye mfumo huu ruhusa, yaani `Privilege`, hukusanywa ndani ya nafasi, yaani `Role`, na mtumiaji hupewa nafasi. Akiwa na nafasi mbili, anapata ruhusa za zote mbili kwa pamoja. Hakuna ruhusa ya kukataza. Huwezi kumwongezea mtu nafasi nyembamba ili imbane. Ile pana aliyokuwa nayo inabaki vile vile. Zaidi ya hapo, nafasi hurithi nafasi nyingine, kwa hiyo jina unalolisoma kwenye akaunti ya mtu halikuambii yote aliyonayo.

Mwenzangu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina lake wala la kliniki, alilijua hili kwa njia chungu. Ilikuwa Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wamejaa mji mzima, na kliniki ilikuwa na nesi mmoja kwa zamu. Msimamizi akaomba makarani wawili wa mapokezi wasaidie kuingiza presha, joto na uzito. Fomu ya vipimo vya awali ikawagomea. Mwenzangu akafungua akaunti zao, akatia alama kwenye nafasi ya `Nesi`, akahifadhi. Fomu ikafunguka, foleni ikasonga, na watu wakamshukuru.

Asichokumbuka ni kwamba nafasi ya `Nesi` ilikuwa imerithishwa nafasi ya `Mhudumu CCC` zamani, wakati nesi alipoanza kushika CCC, yaani kliniki ya dawa za ARV, siku ambazo afisa tabibu hayupo. Kwa hiyo wale makarani hawakupata presha na uzito peke yake. Walipata historia yote ya CCC ya kila mgonjwa: tarehe ya kuanza dawa, kiwango cha virusi, na jina la mtu wa kumsaidia mgonjwa kumeza dawa.

Maulidi yakaisha. Yeye, na hapa ndipo panapomuuma mpaka leo, alikumbuka kurudisha mambo. Akaunda nafasi mpya, akaiita `Mapokezi Pekee`, akaitia kwenye zile akaunti mbili akiamini sasa wamebanwa. Nafasi ya `Nesi` hakuitoa. Kwenye skrini ya mapokezi menyu ilionekana ile ile ya zamani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Miezi ikapita. Kwenye orodha ya waliokosa siku za dawa likatokea jina la mama ambaye hakuwahi kukosa. Mhudumu wa jamii akamfuata kwa upole. Mama akamwambia kwamba habari zake zimefika harusini, na mwenye kuzitaja alizijua mpaka tarehe. Tangu hapo alikuwa akipanda boti kwenda Mokowe, halafu gari mpaka Mpeketoni, kuchukua dawa mahali asipojulikana. Nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi, na watoto kwa jirani, kwa sababu ya alama moja isiyoondolewa.

Mwenzangu alipotaka kujua ni nani aliyefungua faili, alikuta mfumo hausemi. Huandika nani aliingiza rekodi na nani aliibadilisha, kwenye safu za `creator` na `changed_by`. Kusoma tu, bila kugusa, hakuachi jina huko. Kumbukumbu za sava ya wavuti zilionyesha kompyuta ya mapokezi, na kompyuta ile ilitumiwa na watu wanne. Makarani wote wawili wakabaki chini ya shaka, na mmoja wao bila shaka alikuwa ananyooshewa kidole bure. Hilo nalo ni dhuluma iliyotokana na kosa lile lile.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Data ikifikiwa na asiyestahili na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mwenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Mjue hivyo kabla ya siku hiyo, kwa sababu siku hiyo hamtakuwa na utulivu wa kusoma sheria.

Sasa, alitakiwa kufanya nini? Fomu ikigoma, mfumo hutaja ruhusa inayokosekana kwa jina. Soma ujumbe ule. Kazi ya makarani ilihitaji nafasi mpya, tuseme `Vipimo vya Awali`, isiyorithi chochote, yenye `Add Encounters`, `Add Observations` na ruhusa chache za kusoma ambazo fomu yenyewe huzidai. Maulidi yakiisha, unaitoa nafasi hiyo yote, basi.

Na kila mwisho wa mwezi kaa chini utoe orodha ya watu na nafasi zao:

```sql
SELECT u.username, ur.role
FROM users u
JOIN user_role ur ON ur.user_id = u.user_id
WHERE u.retired = 0
ORDER BY u.username;
```

Jina likitokea zaidi ya mara moja, mtu huyo ana nafasi zaidi ya moja. Uliza kwa nini. Kisha angalia jedwali la `role_role`: nafasi iliyo kwenye `child_role` hurithi kila kitu cha iliyo kwenye `parent_role`. Lau mwenzangu angelifungua jedwali hilo, angeona `Nesi` na `Mhudumu CCC` kwenye mstari mmoja. Msisahau pia nafasi ya `Authenticated`: ruhusa yoyote mtakayoiweka humo anaipata kila aliyeingia kwa neno lake la siri, hata mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo.

2. Menyu iliyofichwa si mlango uliofungwa.

Vijana wengi mnaondoa kitufe kwenye ukurasa na kuhesabu kazi imekwisha. Tengeneza akaunti ya majaribio yenye nafasi ya mapokezi tu, kisha uliza sava moja kwa moja:

```
curl -i -u jaribio_mapokezi \
 "http://localhost:8080/openmrs/ws/rest/v1/obs?patient=UUID"
```

Weka `UUID` ya mgonjwa wa majaribio, si ya mtu wa kweli. Jibu likiwa 403, ruhusa imezuiwa kwenye sava yenyewe. Vikirudi vipimo, basi kitufe ulichokiondoa hakikuzuia kitu. Ukipata 401, umekosea neno la siri, na jaribio lako halijathibitisha lolote.

Hapa kuna mpaka wa mfumo ambao lazima muujue. `Get Observations` ni ruhusa moja kwa vipimo vyote vya wagonjwa wote. Haitenganishi joto la mwili na kiwango cha virusi. Kwa mahudhurio kuna nafuu: kila `Encounter Type` ina sehemu ya `View Privilege` na `Edit Privilege`. Unda ruhusa maalumu ya CCC, iweke pale, uwape wahudumu wa CCC peke yao. Lakini rudia jaribio lile la `obs` hata baada ya hapo. Kufungia mahudhurio kusikufanye uamini kwamba vipimo vilivyomo navyo vimefungwa kila njia. Ndiyo maana mtu wa mapokezi ni bora asiwe na `Get Observations` kabisa.

3. Anza na kazi ya mtu, si cheo chake.

Kaa na karani asubuhi moja, uandike anachogusa. Anatafuta mgonjwa, anasajili, anasahihisha namba ya simu, anafungua ziara. Haendi mbali zaidi ya hapo. Keshia anahitaji bei na kiasi kilicholipwa. Ila tazameni risiti: ikiandika jina kamili la kipimo cha maabara, keshia amejua, na aliyeshika foleni nyuma ya mgonjwa amejua pia. Pale kwetu tulikubaliana risiti iandike "huduma za maabara" na namba, na orodha yenye majina ibaki kwa anayetayarisha madai ya bima ya afya ya SHA, kwa kuwa madai yanataka utambuzi wa ugonjwa. Huyo basi ana nafasi yake mwenyewe, hata kama ni mtu yule yule anayekaa kaunta siku za Ijumaa: akaunti mbili, na anaingia kwa ile ya kazi anayoifanya wakati huo. Mtaambiwa ni usumbufu. Ni usumbufu kweli, na mvumilie.

Anayepokea pesa asiwe anayeweza kubatilisha risiti.

4. Usiku nesi akiwa peke yake.

Msibane mpaka mgonjwa akaumia. Mama mjamzito akiletwa kwa boti saa nane za usiku, nesi lazima aone historia yote, na wewe umelala. Wekeni akaunti ya dharura yenye nafasi ya afisa tabibu, neno lake la siri likiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye kabati la dawa zinazodhibitiwa, ambalo tayari lina daftari lake. Anayeifungua anaandika jina, saa na namba ya faili. Asubuhi unabadilisha neno la siri, unafunga bahasha mpya, na msimamizi anasaini. Bahasha ikifunguliwa kila wiki, nafasi ya nesi wa usiku imepungukiwa na kitu cha kweli, kitafuteni mkiongeze.

5. Anayeondoka, zimeni akaunti yake siku hiyo hiyo, lakini msiifute, kwa maana kila alichoandika kimefungwa na jina lake. Na daktari wa muda anayekuja kwa wiki mbili mpeni akaunti yake mwenyewe, tarehe ya kuizima ikiwa imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani kabla hajaingia mara ya kwanza, kwa sababu mfumo hautaizima kwa niaba yenu.